Kabla hujanunua meza ya kazi ya kuweka chumbani, pima kiwiko na paja kwanza

Kama umeamua kufanyia kazi chumbani, usianze na meza. Najua ndio kitu cha kwanza kinakuja akilini, unapita soko la Kibuye hapa Kisumu unaona meza ya saipras imepigwa vanishi inang'aa, ina droo, bei mnaelewana, unaipakia kwa tuktuk mpaka nyumbani Migosi umefurahi. Mimi nilifanya hivyo na hiyo meza ilinikalisha miezi mitatu na vidole viwili vimekufa ganzi. Kwa hivyo soma kwanza halafu ndio uende sokoni.

Yale madogo tuyamalize haraka. Kitanda si ofisi, usijidanganye na mito. Kona unayochagua iwe karibu na soketi. Nyuma ya meza bakisha kama sentimita 70 za kiti kurudi nyuma, la sivyo kila ukitaka kusimama unasukuma kitanda. Kabati lisifungukie mgongoni mwako. Hayo kila mtu anayajua.

Sasa hii ya meza na kiti ndio nataka uishike vizuri.

Kazi yangu ni ya kutaipu, nasikiliza rekodi na kuandika, masaa sita hivi kwa siku. Nikanunua hiyo meza, kimo sentimita 76, na kiti cha mbao cha kawaida kile cha mezani, sentimita 45. Mimi si mrefu, niko na mita 1.60. Wiki za kwanza nilikuwa tu nachoka mabega, nikasema ni uzoefu. Halafu kidole kidogo na kile cha pembeni yake, mkono wa kulia, vikaanza kuwasha kama sindano, usiku naamka navitikisa, mwishowe kikombe cha chai kikaniponyoka mkononi. Nikaanza kuogopa ni presha ama ni moyo, nikapimwa presha iko sawa, nikapewa dawa za maumivu, nikameza zikaisha na vidole viko vile vile.

Aliyenisaidia ni dada mmoja wa fiziotherapi. Hakuanza na mkono, aliniuliza, "Mama, ukifanya kazi unakaa aje? Hebu nionyeshe." Nikakaa kwa meza yake nikainua mabega, nikaegemeza viwiko kwa ukingo wa meza. Akasema hapo hapo simama. Ule mshipa wa fahamu ambao ukigonga kiwiko unasikia kama umeshikwa na stima, ndio unaoenda kwa hivyo vidole viwili. Meza ikiwa juu sana mikono haipati pa kupumzika, unaibwaga kwa ukingo, na huo mshipa unakandamizwa siku nzima. Dawa haiwezi kutoa ukingo wa meza chini ya kiwiko chako.

Nikarudi nyumbani nikafanya kile kila mtu angefanya, nikaongeza mto kwa kiti. Viwiko vikapanda sawa lakini miguu ikaanza kuning'inia, baada ya saa moja mapaja yanakufa ganzi kwa chini kwa sababu ukingo wa kiti unayabana, na kwa juu mapaja yamegusa droo. Halafu mto unalala, ukikaa umezama sentimita 4 ama 5, kwa hivyo hata kipimo chenyewe ni cha uongo.

Nikaita fundi. Nikamwambia kata miguu ya meza, toa sentimita 13. Yeye akanitazama akasema, "Madam, nitakata, lakini mti hauongezeki, umepima?" Nikamwambia nimepima. Na kweli nilikuwa nimepima kiwiko. Akakata vizuri kabisa, miguu yote minne sawa, meza haitikisiki. Nikavuta kiti nikae, mapaja yakagonga droo, hayaingii. Nilikaa pale kwa pembeni kama mtu anapiga picha, meza iko na kimo changu kamili na siwezi kuitumia. Nilisikia kulia, kusema ukweli.

Hapo ndio nikaelewa jambo ambalo sikuwa nimeambiwa na mtu. Nafasi kati ya kiwiko chako na juu ya paja lako haibadiliki. Upandishe kiti, ukishushe, ukate meza, uiinue kwa matofali, hiyo nafasi ni ile ile kwa sababu ni mwili wako. Kwangu ni sentimita 8. Ndani ya hizo 8 lazima ubao wa meza utoshee, na chochote kiko chini yake, na hewa kidogo ya paja kusogea. Ubao wangu ulikuwa sentimita 2 na nusu, droo na ubao wa mbele wa kushikilia miguu vikala 10 nyingine. Jumla 12 na nusu. Kwa hivyo ile meza haingenifaa kwa kimo chochote duniani, na pale sokoni mimi niliipendea hiyo droo.

Basi pima hivi, uko na mtu wa kukushikia tepu. Kaa kwa kiti kigumu, vaa zile slipa unazovaa nyumbani, nyayo zote zilale chini. Kwanza kutoka sakafuni mpaka kwa mkunjo nyuma ya goti, hicho ndicho kimo cha kiti chako. Mimi 41. Pili, legeza mabega, mkono uning'inie halafu ukunje kiwiko kama kona ya kitabu, pima kutoka kwa kiti mpaka chini ya kiwiko. Mimi 22. Tatu, kutoka kwa kiti mpaka juu ya paja pale lilipo nene. Mimi 14. Jumlisha ya kwanza na ya pili unapata kimo cha meza, kwangu 63, na umeona iko mbali aje na 76. Toa ya tatu kutoka kwa ya pili unapata ile nafasi, 22 toa 14, inabaki 8. Andika hizo namba kwa simu, ndio unaenda nazo kwa fundi, na umwambie mapema upande wa kukaa hutaki droo wala ubao, miguu ishikiliwe kwa nyuma na pembeni.

Yangu tuliiokoa hivyo. Fundi alitoa droo na ule ubao wa mbele, akapigilia mwingine upande wa ukutani ndio meza isiyumbe, chini ya ubao kukabaki sentimita 60 na nusu. Kiti akakipunguza 4 kikawa 41, paja langu linafika 55, kwa hivyo nina kama 5 za kupumua. Vidole vilichukua karibu wiki sita kurudi, kile kidogo ndio kilikuwa cha mwisho. Lakini kama mkono wako umeanza kukosa nguvu ama nyama kati ya vidole inazama, usingoje meza, nenda uonwe.

Kama meza mnaitumia wawili, usikate kumfuata mfupi. Iwekwe kwa kimo cha mrefu, halafu mfupi apandishe kiti na aweke kitu kigumu chini ya miguu, boksi la mbao ama tofali mbili zimefungwa na kitambaa. Kuinua mtu ni rahisi, meza iliyokatwa hairudi. Na ukipata kile kiti cha ofisi cha kuzunguka, cha mtumba hata, kalia pale pale dukani dakika kumi ukiwa umekiinua, kwa sababu vingi gesi imekwisha na vinashuka pole pole. Angalia pia zile mikono zake zisigonge meza.

Laptopu nayo, hapo utaumia shingo. Skrini na kibodi vimeshikana, kwa hivyo kimoja kikikaa vizuri kingine kiko vibaya. Nunua kibodi na mausi za kando, zile rahisi tu zinatosha, halafu inua laptopu kwa vitabu mpaka juu ya skrini iwe sawa na macho, umbali wa mkono ulionyooka. Ukivaa miwani ya kusomea yenye sehemu mbili shusha skrini kidogo, ndio usiinue kidevu kutafuta pa kuonea.

Mwanga. Dirisha langu linatazama magharibi na Kisumu unajua jua la saa tisa. Huku kwetu tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta, kwa hivyo dirisha la mashariki litapigwa na jua asubuhi mwaka mzima na la magharibi litapigwa jioni mwaka mzima, usitarajie kuna mwezi litakuhurumia. La kaskazini ama kusini ndio pole, jua linapita juu sana. Nilianza nikiwa nimelitazama dirisha, kichwa kikaniuma kila jioni kwa sababu macho yanapigana na mwanga wa nje na skrini kwa wakati mmoja. Nikageuza nikalipa mgongo, dirisha lote likaonekana ndani ya skrini. Linalofaa ni dirisha liwe ubavuni, na ukiandika na mkono wa kulia liwe kushoto ndio kivuli cha mkono kisilale kwa karatasi. Ongeza pazia jepesi la kuchuja, lile zito litakupikia chumbani.

Kabla ya kupigilia chochote fanya hivi: weka meza, kaa, zima skrini kabisa, itazame ikiwa nyeusi. Kitu chochote king'aacho unachokiona humo, dirisha, balbu, kioo cha kabati, ndicho kitakusumbua. Geuza meza mpaka skrini ibaki nyeusi. Rudia usiku taa ikiwaka, kwa sababu balbu ya katikati ya chumba mara nyingi iko nyuma yako, inaingia kwa skrini na bado inakutupia kivuli mezani.

Usiku weka taa ndogo ya mezani, LED ya wati 5 ama 6 inatosha, kofia yake iwe chini ya macho yako ndio usione balbu yenyewe. Usizime kila kitu ukabaki na skrini peke yake gizani. Shika karatasi nyeupe pembeni ya skrini, zikifanana kwa mwangaza uko sawa, skrini ikiwaka kuliko karatasi ipunguze. Kama kuna mtu amelala hapo nyuma, geuza taa itazame ukuta, utaona na yeye atalala.

Na chini ya meza kuna giza, mbu wa huku wanapapenda, kuanzia saa kumi na mbili vaa soksi. Ekstensheni usiipitishe chini ya godoro wala chini ya mguu wa kiti, inakanyagwa inachubuka na hauoni. Chaja ukiigusa ni moto sana ichomoe, iache ipoe, usiifunike na pazia.