Jinsi ya kuondoa vifupisho kwenye barua pepe ya kodi kwa mwenye duka

Ofisi ya uhasibu mjini Nakuru imemwandikia mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi huko Njoro. Kwa mwezi wa Mei aliuza bidhaa za Sh180,000. Barua inasema hivi:

"Tumefaili TOT ya 05 kwenye iTax. PRN iko kwa atachimenti. Lipa kabla ya dyu deti kuepuka LPP na LPI, la sivyo TCC itakwama."

Mhasibu mwenzako ataisoma bila shida. Mama huyu haoni hata kiasi cha pesa anachodaiwa.

Hatua ya 1: Andika jambo lenyewe kabla ya kugusa vifupisho

Jibu maswali matatu kwenye karatasi: afanye nini, pesa ngapi, mwisho lini. Hapa: alipe Sh5,400, kabla ya tarehe 20 Juni kupita. Sentensi hiyo ndiyo mstari wa kwanza wa barua, na pia kichwa chake. Ukianza kubadilisha neno moja moja bila kufanya hivi, utapata barua ndefu ya maneno mepesi ambayo bado haisemi mtu afanye nini.

Hatua ya 2: Pitia kila kifupisho ukijiuliza mteja atakutana nacho wapi

LPP na LPI, yaani faini na riba ya kuchelewa kulipa, ni lugha ya ofisini. Viondoe kabisa. Badala yake mpigie hesabu: faini ni asilimia 5 ya kodi, na riba ni asilimia 1 kwa mwezi. Mwandikie "Ukichelewa utaongezewa Sh270, na Sh54 kwa kila mwezi wa kuchelewa." Asilimia humwachia mteja kazi ambayo wewe ungeimaliza kwa nusu dakika.

TCC, cheti cha kuonyesha kwamba mtu ametimiza wajibu wake wa kodi, hakimhusu leo kama haombi zabuni wala leseni inayokidai. Kitoe. Kikihitajika, kiandikie barua yake.

PRN ni tofauti, na hapa ndipo wengi huharibu. Wakishaambiwa waondoe vifupisho, wanaandika "namba ya malipo" peke yake. Mama anafungua karatasi ya malipo, anakuta namba kadhaa, ikiwemo PIN yake ya KRA, naye anachagua isiyo sahihi. Kifupisho ambacho mteja atakisoma kwenye karatasi au kwenye simu lazima kibaki, lakini kiambatane na kazi yake. Bora zaidi, inakili namba yenyewe ndani ya barua ili asilazimike kuitafuta.

Hatua ya 3: Eleza kitu kinafanya nini

Kurefusha TOT kuwa "kodi ya mauzo ghafi" hakujatatua chochote. Anachohitaji kujua ni kwamba inahesabiwa kwa mauzo yote, shilingi 3 katika kila 100, kabla ya kutoa gharama. Kuwa mwangalifu na neno "mapato": mfanyabiashara anaweza kulisoma kama faida, kisha mwezi ujao akuletee hesabu ambayo ameshaondoa kodi ya nyumba na mshahara wa kijana wa duka. Andika "mauzo yote."

Neno "kufaili" nalo linapotosha ingawa si kifupisho. Mtu akisoma kwamba mmeshafaili, anadhani mambo yamekwisha. Kupeleka hesabu KRA ni jambo moja, na kulipa ni jingine, barua iyatenganishe.

Sasa inasomeka hivi:

"Habari Mama. Tafadhali lipa Sh5,400 kufikia tarehe 20 Juni. Hii ni kodi ya duka kwa mwezi wa Mei: mauzo yote Sh180,000, shilingi 3 kwa kila 100. Hesabu tumeshapeleka KRA; kilichobaki ni malipo. Kwenye M-Pesa chagua Lipa na M-Pesa, kisha Paybill. Namba ya biashara ni 222222. Panapoulizwa namba ya akaunti, weka PRN, namba ya malipo haya pekee: [namba]. Ukichelewa utaongezewa Sh270, na Sh54 kwa kila mwezi wa kuchelewa."

Imekuwa ndefu kuliko ya kwanza, na ni sawa.

Hatua ya 4: Ijaribu kwa mtu asiye mhasibu

Msomee mtu wa mapokezi mara moja. Usimuulize kama ameelewa, maana kwa heshima atakubali. Muulize angelipa ngapi, wapi, na angeweka namba gani. Akisita kwenye namba, rudi kwenye sentensi hiyo tu.

Hatua ya 5: Acha majina rasmi chini kabisa

Mama anaweza kuipeleka barua hii kwa mwanawe au kwenye dawati la KRA, na huko jina rasmi linahitajika. Baada ya salamu za mwisho weka mstari mmoja: "Kwa kumbukumbu: TOT, Mei, iTax."