Kutengeneza namba za uwiano kwa jozi za namba kamili, na kuhakiki kwamba kujumlisha kunakubali

Juzi usiku mdogo wangu, yupo mwaka wa kwanza anasomea ualimu wa hesabu, kanitumia picha ya daftari: "Kaka nimekwama, k inanitokea moja na nusu." Nikajua hapohapo alipokwama maana na mimi nilikwama palepale, tena siku nzima. Basi naandika hapa hatua zote tulizopitia.

Kazi yenyewe ni hivi. Jifanye una namba kamili tu, yaani …, -2, -1, 0, 1, 2, …, unajua kuzijumlisha, kutoa na kuzidisha, basi. Kugawanya hakupo, nusu haipo, robo haipo. Unatakiwa uzitengeneze.

Hatua ya 1: Chukua jozi

Chukua jozi zote (a, b) ambazo a na b ni namba kamili na b si 0. Kichwani (1, 2) ni nusu, lakini kwenye karatasi usiandike 1/2. Ukishaandika mstari wa sehemu mkono wenyewe utaanza kurahisisha na kugawanya, na hivyo vitu bado hujavitengeneza. Mimi naandika jozi kwa mabano mpaka mwisho kabisa.

Hatua ya 2: Sema jozi zipi ni sawa

(a, b) ~ (c, d) ikiwa ad = bc. Ni kule kuzidisha kwa mshazari tulikofundishwa shule ya msingi, na kumetumika kwa sababu hakuna kugawanya ndani yake. Mfano (2, 4) ~ (3, 6) kwa kuwa 2×6 = 12 na 4×3 = 12.

Hatua ya 3: Hakiki kwamba ~ inagawa jozi kwenye makundi

Kwamba kila jozi ni sawa na yenyewe, na kwamba ukigeuza pande mambo hayabadiliki, hayo yanaonekana kwa macho. Kazi ipo kwenye mnyororo: kama (a, b) ~ (c, d) na (c, d) ~ (e, f), je (a, b) ~ (e, f)?

Tunajua ad = bc na cf = de. Tunataka af = be. Wengi wanazidisha milinganyo yote miwili, wanapata adcf = bcde, halafu wanafuta c na d pande zote. Usifanye hivyo, c inaweza kuwa 0, na kufuta sifuri hakuruhusiwi. Jaribu na (0, 1) na (0, 5) uone, mlinganyo unakuwa 0 = 0 na haukuambii kitu. Njia salama ni kuzidisha wa kwanza kwa f tu:

adf = bcf

cf ni sawa na de, kwa hiyo adf = bde, yaani d(af − be) = 0. Sasa d si 0 (ndiyo maana tulikataa sifuri kwenye hatua ya 1), na kwenye namba kamili ukizidisha vitu viwili ukapata 0 lazima kimoja kiwe 0. Basi af − be = 0. Imeisha.

Hiyo sentensi ya "lazima kimoja kiwe 0" iandike wazi kwenye daftari maana ndiyo imebeba mzigo wote. Chukua hesabu za saa yenye namba 6 tu, 0 mpaka 5, ukifika 6 unarudi 0. Huko 2×3 = 0 ingawa si 2 wala 3 ambayo ni sifuri. Sasa (1, 1) ~ (2, 2) sawa, na (2, 2) ~ (1, 4) kwa kuwa 2×4 = 8 ambayo ni 2, na 2×1 = 2. Lakini (1, 1) na (1, 4) hazikubali, 1×4 ni 4 na 1×1 ni 1. Mnyororo umekatika, makundi hakuna.

Na ukiruhusu (0, 0) kwenye namba kamili za kawaida yanatokea hayohayo: (1, 2) ~ (0, 0) na (0, 0) ~ (1, 3), ila (1, 2) na (1, 3) si sawa.

Kundi zima la jozi zilizo sawa na (a, b) tuliandike [(a, b)]. Namba moja ya uwiano ni kundi zima, si jozi moja. Nusu ni mfuko wenye (1, 2), (2, 4), (3, 6), (-5, -10) na wenzao wote wasioisha.

Hatua ya 4: Kujumlisha, na hapa ndipo pa kutulia

Kanuni tunayoitaka ni hii:

[(a, b)] + [(c, d)] = [(ad + bc, bd)]

Kwanza bd si 0 kwa sababu ileile ya hatua ya 3, basi jibu ni jozi halali. Hilo watu wanalisahau, ni mstari mmoja tu, liandike.

Tatizo lenyewe: unajumlisha mifuko, lakini kanuni inakuambia uingize mkono kwenye kila mfuko utoe jozi moja, uhesabu kwa jozi hizo, halafu utaje mfuko wa jibu. Mimi nikitoa (1, 2) na wewe ukatoa (2, 4) kutoka mfuko uleule, je tutataja mfuko mmoja? Kama hapana basi hiyo "kanuni" sio kanuni ya mifuko.

Kuna kanuni nyingi zinazoonekana nzuri na zinafeli hapa. Ile ya watoto, jumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, (a + c, b + d). Mwalimu anasema ni kosa, ila sababu hasa ndiyo hii. Chukua nusu na theluthi. Ukitoa (1, 2) na (1, 3) unapata (2, 5). Ukitoa (2, 4) badala ya (1, 2) unapata (3, 7). Hakiki: 2×7 = 14, 5×3 = 15. Mifuko miwili tofauti, na mimi na wewe tulianza na nusu na theluthi zilezile. Na ukitoa (1, 2) na (1, -2) chini inakuwa 0 kabisa. Kumbuka kanuni hiyo si ya kijinga kwa jozi zenyewe: mtu akipata 1 kati ya maswali 2, halafu 1 kati ya 3, jumla kapata 2 kati ya 5, kweli kabisa. Ila hapo 1 kati ya 2 na 2 kati ya 4 ni vitu viwili tofauti, na kwa namba za uwiano tumeamua ni kitu kimoja.

Sasa uthibitisho wa kanuni yetu. Vitabu vingi vinatumia herufi zenye alama juu, a′ na b′, mimi sizipendi hata kidogo, ukiandika haraka ile alama inapotea na mistari mitatu baadaye hujui ipi ni ipi. Tumia herufi nyingine kabisa. Tuseme

(a, b) ~ (p, q), yaani aq = bp
(c, d) ~ (r, s), yaani cs = dr

Na hapa ndipo mdogo wangu alipokwama. Yeye aliandika: "kwa kuwa (p, q) ni sawa na (a, b), basi p = ka na q = kb." Inavutia kwa sababu ndivyo tulivyozoea, zidisha juu na chini kwa namba moja. Lakini sio kweli kwa kila jozi. (2, 4) na (3, 6) zipo mfuko mmoja, na hakuna namba kamili k ambayo 2k = 3, na ukigeuza hakuna ambayo 3k = 2. K yake ilikuwa moja na nusu, na moja na nusu ndiyo hiyo hiyo tunayoitengeneza. Unaweza kuiokoa kwa kusema zote mbili zimetoka kwenye (1, 2), lakini hapo unatakiwa kwanza uthibitishe kwamba kila mfuko una jozi moja iliyorahisishwa mpaka mwisho ambayo nyingine zote ni mazidisho yake, na hilo linahitaji kigawo kikubwa cha shirika na kurasa kadhaa. Mimi nilipita njia hiyo siku nzima kabla ya kugundua haihitajiki. Unachopewa ni aq = bp na cs = dr, tumia hivyo tu.

Kosa la pili ni kuanza na kile unachotaka kuthibitisha, kuzidisha huku na huku mpaka upate 0 = 0, halafu kusema imethibitika. Andika lengo pembeni ndani ya kiboksi usiliguse:

lengo: (ad + bc)·qs = bd·(ps + qr)

Halafu anza na upande wa kushoto peke yake. Chukua kalamu mbili, nyekundu na bluu. Fungua mabano:

(ad + bc)qs = adqs + bcqs

Kwenye kipande cha kwanza tafuta a na q, zizungushie nyekundu. Kwenye cha pili tafuta c na s, zungushia bluu. Panga upya:

= (aq)·ds + (cs)·bq

Sasa badilisha nyekundu kwa bp na bluu kwa dr:

= (bp)·ds + (dr)·bq

Kila kipande kina b na d. Zitoe nje:

= bd·ps + bd·qr = bd·(ps + qr)

Ndilo lengo. Hakuna kugawanya, hakuna k, hakuna kufuta kitu. Kama kwenye daftari lako umefuta herufi pande zote kwenye hatua hii ujue umepotea, kufuta kulihitajika kwenye mnyororo tu.

Ukikwama kwa wingi wa herufi badilisha jozi moja kwa wakati: shikilia (c, d) ilivyo, badili (a, b) kuwa (p, q), onyesha jibu limebaki mfuko uleule, kisha badili ya pili. Mnyororo wa hatua ya 3 unaunganisha.

Jaribu kwa namba kabla ya kukabidhi, na uchague jozi ngumu zenye hasi. (2, 4) na (1, 3) zinatoa (2×3 + 4×1, 12) = (10, 12). Badala yake toa (3, 6) na (-2, -6): juu ni 3×(-6) + 6×(-2) = -30, chini -36. Hakiki: 10×(-36) = -360 na 12×(-30) = -360. Mfuko mmoja. Huu sio uthibitisho, ni kukamata makosa ya mkono.

Hatua ya 5: Kuzidisha

[(a, b)]·[(c, d)] = [(ac, bd)]. Lengo ni ac·qs = bd·pr, na ac·qs = (aq)(cs) = (bp)(dr). Mstari mmoja.

Hatua ya 6: Rudi kwenye kigawe kidogo cha shirika, yaani KDS

Sasa kwa kuwa jibu halitegemei jozi uliyotoa, unaruhusiwa kuchagua iliyo rahisi. Chagua mbili zenye chini inayofanana, (a, b) na (c, b): kanuni inatoa (ab + bc, bb), yaani (b(a + c), bb), ambayo ni sawa na (a + c, b). Ndiyo ile KDS ya shule ya msingi. Robo jumlisha sehemu moja ya sita: kanuni inatoa (6 + 4, 24) = (10, 24). Kwa KDS ya 12 unatoa (3, 12) na (2, 12), unapata (5, 12). Zidisha mshazari: 10×12 = 120, 24×5 = 120. Mdogo wangu alipofika hapa ndipo akaniuliza kwa nini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba "tafuta asili zinazofanana" ni ruhusa ambayo lazima ithibitishwe kwanza, na jumatatu anaenda kulifundisha kwenye mazoezi ya darasani akianza na ile (2, 5) na (3, 7).