Jinsi ya kuuza rangi nyingi za ukuta ukiwa na akiba ndogo ya ndoo

Mwenye duka la rangi Kariakoo au Buguruni analijua tatizo hili: stoo imejaa ndoo, mtaji umelala humo, na bado mteja anaondoka mikono mitupu kwa sababu krimu anayoitaka imeisha. Zilizobaki ni kijani na zambarau ambazo hakuna aliyeziulizia. Kuongeza mzigo hakutibu hilo. Kinachotibu ni kuacha kujaza stoo rangi zilizokwisha kuchanganywa, ukaweka besi, yaani rangi ya msingi ambayo bado haijachanganywa, kisha ukatia rangi mteja anapochagua. Uamuzi wa rangi unausogeza mpaka dakika ya mwisho, na ndoo ileile inakuwa akiba ya rangi nyingi kwa pamoja. Benetton ya Italia ilijulikana kwa njia hiyo kwenye sweta: zilifumwa bila rangi, zikatiwa rangi baada ya kuonekana ipi inauzika.

Tuchukue duka la mfano lenye rangi 16 nyepesi za maji, ndoo za lita 20, na mzigo unaofika wiki 4 baada ya kuagizwa.

Hatua ya 1: Panga rangi kwa besi yake

Besi nyeupe ina chembe nyingi za rangi nyeupe ndani yake, nayo ni ya rangi nyepesi kama krimu na kijivu cha mbali. Besi angavu karibu haina nyeupe, nayo ni ya rangi zilizokolea. Katikati kuna besi ya kati. Hazibadilishani. Ukitia nyekundu nyingi kwenye besi nyeupe utapata waridi, na krimu iliyotengenezwa kwa besi angavu haitafunika ukuta hata fundi apige mikono minne.

Kwa hiyo akiba inaunganishwa ndani ya besi moja tu. Rangi ya maji na ya mafuta ni mafungu mawili, na ndoo ya lita 20 haiwezi kuziba pengo la kopo la lita 4. Andika orodha ya rangi zako zote, na mbele ya kila moja andika besi yake. Rangi inayouzika sana kila wiki bila kuyumba, mara nyingi nyeupe, iache iendelee kuja tayari kutoka kiwandani: haikusumbui kuikadiria, na kuichanganya dukani ni kupoteza muda wa mashine ya kuchanganyia.

Hatua ya 2: Kusanya mauzo ya wiki 26

Weka kila rangi kwenye safu yake ya Excel, kila wiki kwenye mstari wake, na safu ya mwisho iwe jumla ya rangi zote za besi hiyo. Angalizo kubwa liko hapa. Wiki ambayo rangi iliisha dukani itaonyesha sifuri, lakini sifuri hiyo haina maana kwamba hakuna aliyeitaka. Muulize anayekaa kaunta, kadiria, urekebishe. Usiporekebisha, hesabu itakuambia uweke akiba ndogo kuliko inavyotakiwa, na rangi itaisha tena.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya akiba ya tahadhari

Akiba ya tahadhari ni ile inayokukinga mauzo yanapopanda kuliko wastani wakati unasubiri mzigo. Inategemea jinsi mauzo yanavyoyumba, na kipimo cha kuyumba ni mkengeuko sanifu. Kama jumla ziko safu ya R, mstari wa 2 hadi wa 27:

```
=1.65*STDEV.S(R2:R27)*SQRT(4)
```

Namba 1.65 inakupa nafasi ya takriban asilimia 95 ya kutoishiwa kabla mzigo haujafika, na 4 ni wiki za kusubiri, ambazo kipeuo chake cha pili ni 2.

Tuseme kila rangi inauza wastani wa ndoo 5 kwa wiki, na mkengeuko wake ni 4. Ukiweka kila rangi peke yake, kila moja inahitaji 1.65 × 4 × 2, yaani ndoo 14 hivi. Kwa rangi 16 ni ndoo 224. Ukiziunganisha kwenye besi moja, rangi inayopanda inafidiwa na inayoshuka. Mkengeuko wa jumla unakuwa 16 badala ya 64, na akiba inashuka hadi ndoo 53.

Usikimbilie kuiamini 53, maana inadai kwamba kila rangi inapanda na kushuka kivyake. Dar watu wengi hupaka nyumba kuelekea Idi na Krismasi, na hapo rangi zote hupanda pamoja. Uhusiano wa mauzo kati ya rangi moja na nyingine, ambao 0 ni kila moja kivyake na 1 ni zote pamoja, ukifika 0.3 tu, mkengeuko wa jumla unakuwa kama 37.5 na akiba inayohitajika ni ndoo 124. Bado ni pungufu sana ya 224, lakini aliyeweka 53 ataishiwa msimu ukianza. Ndiyo maana fomula inasoma safu ya jumla yenyewe: kupanda kwa pamoja kumeshaingia humo.

Agiza mzigo mpya ndoo zilizopo, pamoja na zilizo njiani, zinaposhuka hadi mauzo ya wiki 4 ukijumlisha akiba hiyo: 320 na 124, yaani 444. Zile 320 hazipungui kwa kuunganisha. Zinapungua mzigo ukifika haraka zaidi.

Hatua ya 4: Linda rangi kali za kuchanganyia

Hatari haijaondoka, imehamia kwenye mashine. Njano ya oksidi na nyeusi huingia kwenye krimu na kijivu nyingi, hivyo mkebe mmoja ukiisha, rangi kumi zinaweza kusimama siku moja huku stoo ina besi tele. Hesabu matumizi kutoka kwenye fomula zako. Kama krimu inachukua mililita 60 za njano kwa ndoo, na unauza ndoo 40 za aina hiyo kwa wiki, hizo ni lita 2.4. Rangi hizi kali ziwekee akiba kwa ukarimu. Ni bei ndogo ukilinganisha na ndoo zilizolala.

Mashine inayojikoroga yenyewe isizimwe usiku. Umeme ukikatika muda mrefu, chembe huzama chini ya mkebe, na ndoo ya kwanza ya asubuhi hutoka imefifia. Koroga kabla ya kuanza, safisha midomo ya kumiminia iliyokauka, kisha mimina mililita 10 na uzipime kwenye mizani ndogo. Uzito ukitofautiana na ule wa mtengenezaji, rekebisha mashine kabla hujauza chochote.

Hatua ya 5: Kaunta na matawi

Ndoo iliyotiwa rangi hairudi kuwa besi. Changanya kopo la lita 1, fundi apake kipande cha ukuta, kikauke, mteja akubali ndipo uchanganye ndoo zote. Andika namba ya fomula na besi kwenye mfuniko ili akirudi kuongeza apate ileile.

Ukiwa na matawi Tegeta na Mbagala, besi nyeupe iwe kila tawi, ila besi angavu na makopo ya rangi ya mafuta yanayotoka polepole yakae sehemu moja na kusafirishwa kwa kirikuu. Hilo linafaa kwa fundi anayetoa oda leo kwa kazi ya kesho. Mteja aliyesimama kaunta Mbagala hatasubiri foleni ya Barabara ya Kilwa, kwa hiyo chochote wanachonunua na kuondoka nacho hapohapo kisiondolewe tawini hata kama hesabu inasema kingeokoa ndoo tatu.