Upele wa homa ya dengi: jinsi ya kuutofautisha na surua na upele wa dawa

Mwongozo huu umeandikwa kwa wauguzi na matabibu wa vituo vya afya vya Lubumbashi, ambako mgonjwa mwenye homa na upele huandikiwa surua akiwa mtoto, na mzio wa dawa akiwa mtu mzima, mara nyingi kabla hata hajavua shati. Mazoea hayo yana sababu zake, kwa kuwa surua imeua watoto wengi nchini mwetu, hasa katika mlipuko mkubwa wa mwaka 2019, na ni kweli kwamba watu wengi hufika kituoni wakiwa wamekwisha kumeza dawa za aina mbili au tatu. Hata hivyo, barabara ya Kasumbalesa inatuunganisha kila siku na Dar es Salaam, jiji lililopata milipuko ya dengi mwaka 2014 na mwaka 2019, na homa hiyo, ambayo watu wa pwani huiita pia kidingapopo, husafiri ndani ya damu ya abiria bila kuulizwa pasipoti.

Tuchukue mfano mmoja na tuufuate hadi mwisho. Dereva wa lori mwenye umri wa miaka 38, mkazi wa Katuba, alikaa Dar es Salaam wiki nzima akisubiri mzigo, kisha akasafiri siku sita hadi nyumbani. Siku moja baada ya kufika, yaani Jumatatu, alishikwa ghafla na homa kali, maumivu ya kichwa nyuma ya macho, na mgongo uliouma hata akashindwa kuinama. Jumanne alipimwa malaria, kipimo hakikuonyesha kitu, lakini alipewa dawa ya malaria pamoja na amoxisilini. Jumamosi asubuhi anakuja kwako akijikuna, miguu na mikono ikiwa imeiva. Mke wake anasema ni dawa. Jirani anasema ni surua.

Hatua ya 1: Panga siku kabla ya kutazama ngozi

Chukua karatasi, uandike siku ambayo homa ilianza kuwa siku ya kwanza, kisha uweke juu ya mstari huo siku ya safari, siku ya kila dawa, siku ambayo homa ilishuka na siku ambayo upele ulionekana. Swali linalosaidia kuliko yote ni hili: «Papa, homa ilikuacha siku gani?» Dereva wetu anajibu kwamba alitoa jasho usiku wa Ijumaa na akaamka Jumamosi akiwa baridi. Upele wake, basi, umetokea siku ya sita, wakati homa inaondoka.

Katika dengi kuna wekundu wa aina mbili, nao huchanganywa mara kwa mara. Wa kwanza huja ndani ya siku moja au mbili za mwanzo: uso, shingo na kifua huiva kama vya mtu aliyekaa karibu na jiko la makaa, kisha hali hiyo hupita bila mtu kuikumbuka. Wa pili, ambao ndio tunaoshughulika nao hapa, huja kati ya siku ya tatu na ya sita, mara nyingi homa ikishuka au ikiwa imekwisha kushuka. Katika surua mpangilio ni kinyume: mgonjwa huwa na homa, kikohozi, mafua na macho mekundu kwa siku mbili hadi nne, na upele unapotoka homa huwa katika kilele chake. Kwa hiyo mtu mzima aliyepoa mwili huku ngozi ikizidi kuiva hafanani na mgonjwa wa surua.

Muda tangu kuumwa na mbu nao uhesabiwe. Dalili za dengi huanza kwa kawaida siku nne hadi kumi baada ya kuumwa, na dereva wetu aliugua siku ya saba baada ya kuondoka Dar es Salaam. Hesabu inakubali. Kama angekuwa amerudi mwezi mmoja uliopita, isingekubali, na tungelazimika kuuliza juu ya mbu wa hapa hapa au kutafuta ugonjwa mwingine.

Hatua ya 2: Mpeleke mgonjwa penye mwanga wa mchana, kisha ubonyeze

Picha za vitabuni nyingi ni za ngozi nyeupe, na ndiyo maana watu husema kwamba upele wa dengi hauonekani kwa Mwafrika. Unaonekana, ila si kwa rangi nyekundu ya wazi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hugeuka kuwa weusi wa kuiva, wa kahawia au wa zambarau, na joto la ngozi husikika kwa nyuma ya mkono wako. Anza mahali ambapo rangi ni nyepesi: viganja, nyayo, na upande wa ndani wa mkono. Kisha shuka kwenye migongo ya mikono, miguu na miundi.

Weka kiganja chako chote juu ya muundi, ukandamize kwa sekunde chache, kisha uondoe. Katika dengi wekundu hupotea chini ya kiganja, alama ya vidole hubaki imepauka kwa muda mfupi, kisha rangi hurudi. Sasa tafuta visiwa. Sehemu kubwa ya ngozi huwa imeungana kuwa eneo moja lililoiva, na ndani yake kumebaki madoa madogo ya mviringo ambayo ugonjwa haukuyagusa. Elewa vizuri kwamba doa hilo la mviringo ndilo ngozi yenye afya, na kinachozunguka ndicho upele. Mtazamaji mwenye haraka huona kinyume, akaandika kwamba mgonjwa ana mabaka meupe, na aliyepokea barua hiyo akafikiria ugonjwa wa fangasi. Kwa mgonjwa mweusi visiwa hivyo huonekana vyepesi kuliko ngozi inayovizunguka, na ukivilinganisha na ngozi ya tumbo ambayo bado haijaiva, utakuta rangi ni ile ile.

Baada ya kiganja, tumia kioo cha kupimia damu au gilasi safi inayopitisha mwanga. Vidoa vyenye ukubwa wa ncha ya sindano ambavyo havipotei chini ya kioo ni damu iliyotoka kwenye mishipa midogo. Kuvikuta vichache ndani ya eneo lililoiva kunaelekea dengi, na kunakutaka uangalie ufizi, pua na rangi ya choo.

Hatua ya 3: Uliza ulianzia wapi na ulielekea wapi

Upele wa pili wa dengi mara nyingi huanzia kwenye migongo ya mikono na miguu, kisha hupanda kuelekea mwilini, huwasha, na viganja na nyayo huweza kuwasha kiasi cha kumnyima mtu usingizi. Surua huanzia nyuma ya masikio na kwenye mpaka wa nywele, hushika uso, kisha hushuka kifuani na kufika miguuni kwa siku tatu hivi. Ikipona hufifia kwa mfuatano huo huo, ikiacha ngozi ya kahawia inayobanduka kama unga. Fungua kinywa na utazame upande wa ndani wa mashavu mkabala na magego: madoa ya Koplik, meupe madogo juu ya wekundu, hutokea siku moja au mbili kabla ya upele na hupotea mapema, hivyo kutoyaona hakuondoi surua. Upele wa kawaida wa dawa huanzia kiwiliwili, pande zote mbili kwa usawa, ndipo huenea kwenye mikono na miguu.

Dereva wetu anaonyesha miundi na migongo ya mikono, kifua chake ni safi, hakohoi, na macho hayatoi machozi.

Hatua ya 4: Ipe dawa nafasi ya haki

Hapa ndipo penye ugumu, na sipendi miongozo inayoparuka. Upele wa dawa, ukiwa wa mara ya kwanza, hutokea kwa kawaida kati ya siku ya nne na ya kumi na nne tangu kuanza dawa. Aliyewahi kuipata dawa hiyo na kuikataa huweza kutoka upele ndani ya siku moja hadi tatu. Amoxisilini ya Jumanne na upele wa Jumamosi ni siku nne. Kwa kalenda peke yake hatuwezi kuiachilia dawa, na visiwa navyo havitoshi kuwa ushahidi, kwa sababu hata upele wa dawa unaweza kuungana na kuacha sehemu zisizoguswa, na chikungunya inaweza kufanana sana na dengi.

Kinachoamua ni mkusanyiko: upele ulianzia miguuni badala ya kiwiliwili, ulikuja homa ikiondoka, na homa yenyewe ilitangulia dawa. Isitoshe, picha ya damu inaweza kutenganisha. Dengi hushusha chembe nyeupe na chembe sahani. Upele wa kawaida wa dawa huziacha chembe sahani katika kiwango chake. Dereva wetu ana chembe nyeupe 2,800 na chembe sahani 88,000, na hilo linaelemea dengi kwa uzito.

Hata hivyo, kuna dalili zinazofuta mjadala huu wote. Ngozi inayouma badala ya kuwasha, malengelenge, vidonda vya kinywani, machoni au sehemu za siri, au uso uliovimba, humaanisha kusimamisha dawa inayoshukiwa saa hiyo hiyo na kumpeleka mgonjwa hospitali, hasa kama alikuwa anatumia kotrimoksazoli, nevirapini au karbamazepini.

Hatua ya 5: Thibitisha, lakini usisubiri

Kipimo cha NS1 hufaa zaidi katika siku tano za mwanzo; siku ya sita jibu hasi halimaanishi kitu kikubwa, na ni IgM inayoanza kupanda. Kama hakuna hata kimoja, funga mkono kwa mashine ya presha katikati ya namba ya juu na ya chini, kwa mfano 100 kwa mwenye 120 kwa 80, uache dakika tano, kisha uhesabu vidoa vya damu ndani ya mraba wa sentimita 2.5. Kumi au zaidi vinaunga mkono dengi, ingawa kwenye ngozi nyeusi sana hesabu huwa ngumu. Malaria ipimwe tena kwa vyovyote. Na ukibaki na shaka ya surua, mtenge mgonjwa, chukua damu na utoe taarifa kwa zoni ya afya.

Usimwambie mgonjwa kwamba amepona kwa sababu amepoa. Saa 24 hadi 48 baada ya homa kushuka ndizo ambazo maji ya damu huweza kuvuja nje ya mishipa, na baadhi ya wagonjwa huwa wamekwisha kutoka upele. Dereva wetu apimwe hematokriti leo na kesho, anywe maji kwa wingi, atumie parasetamoli isiyozidi gramu 4 kwa siku, na asipewe aspirini, ibuprofeni wala sindano ya diklofenaki. Maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikokoma, damu kwenye ufizi, kuhangaika au usingizi usio wa kawaida vimrudishe mara moja.

Amoxisilini aiache, kwa kuwa haikuwa na kazi. Lakini kwenye karatasi yake usiandike kwamba ana mzio wa penisilini, maana maneno hayo yatamfuata maisha yote na kumnyima dawa siku atakapoihitaji kweli. Andika hivi: upele wa siku ya sita ya homa, ulianzia miguuni, wenye visiwa, chembe sahani 88,000, dengi inashukiwa, mzio wa amoxisilini haujathibitishwa.