Kuongoza jopo la usaili: alama kwanza, maneno baadaye

Juzi tulitafuta mtunza stoo wa depo yetu ya saruji hapa Bukavu. Jopo lilikuwa la watu watatu: mimi kiongozi, mhasibu wetu, na mzee aliyeshika stoo miaka mingi.

1. Siku moja kabla, kaeni nusu saa. Gawaneni maswali: mhasibu aulize ya daftari, mzee ya mali, kiongozi afungue, aulize la tukio la stoo, afunge na kulinda saa. Kisha andikeni jibu zuri la kila swali lina nini ndani. Hapa msiharakishe, ugomvi mwingi wa baadaye unazaliwa hapa.

2. Kila mwombaji apewe dakika 40: 5 za kumkaribisha, 25 za maswali matano, 10 za yeye kuwauliza. Baada ya kila mmoja, wekeni dakika 15 tupu. Anayeuliza haandiki, wawili wengine ndio wanaoandika.

3. Andikeni alichosema, si mlivyomwona. "Anasitasita" ni maoni.

4. Akitoka, kila mtu ajaze alama, 1 hadi 4, kimya, bila kutazama ya jirani. Halafu karatasi zifunuliwe pamoja. Kiongozi asome zake mwisho.

5. Pakiwa na tofauti ya alama 2 au zaidi, rudini kwenye maandishi. Mimi niliuliza: "Daftari linasema mifuko 200, wewe unahesabu 194. Utafanya nini?" Mhasibu alimpa kijana 2, mzee 4. Mhasibu alikuwa ameandika "hajiamini" tu. Mzee alikuwa na maneno yenyewe: "Nitahesabu tena na mtu wa pili, nitaangalia karatasi za kutoa mali, nitarekebisha daftari, nitamwambia shefu." Sisi tulikubaliana mambo matatu: kuhesabu tena, kulinganisha karatasi, na kutoa taarifa kabla ya kugusa daftari. La tatu alilipindua. Wote wakaandika 3. Hatukugawanya katikati, jibu lenyewe lilikuwa na pengo. (Mzee alinuna kidogo.)

Maswali ya wanachama

*Yaya, mwenye depo akiwa ndani, nani atathubutu kumpinga?*
Ndiyo maana alama zinaandikwa kabla mtu hajafungua mdomo. Mkubwa naye azungumze wa mwisho, na mwombe hivyo faraghani siku ya maandalizi, si mbele ya watu.

*Na kama tumesoma maandishi yote, bado tunavutana?*
Basi maswali hayakutosha. Waiteni waombaji wawili wa juu, kila mmoja ahesabu rafu ileile stooni na kujaza fomu. Wakibaki sawa, anaamua yule mliyemtaja siku ya maandalizi awe mwamuzi, na hoja ya aliyepinga inaandikwa kwenye ripoti.

*Mmoja wetu ni mjomba wa mwombaji. Anyamaze tu?*
Hapana, papa. Atoke kwenye jopo tangu majina yanaposomwa. Hata akinyamaza, wenzake watamtazama usoni kabla ya kuandika alama.