Kabla Hujatafsiri Kibao cha Makumbusho: Chunga Tarehe na Majina ya Zamani

Huku Kisumu siku hizi ukicheki, karibu kila boma kuna mtu ako na binamu ama shemeji Ujerumani, na huyo mtu akiingia makumbusho ya huko anapatana na vitu vya kina babu zetu, ngao, mikuki, viti, kofia za manyoya ya mbuni, anapiga picha kile kibao kidogo cha maelezo kwa ukuta na kuirusha kwa grupu ya familia. Kila mtu anauliza hii inasema nini, alafu kuna mmoja mwenye haraka anajibu "ni ngao ya Mluo ya miaka ya 1900 kutoka Kenya". Sentensi moja, makosa matatu, na ikishatoka hapo inakaririwa matangani na inaandikwa kwa insha za watoto. Hii kitu inanigusa sana juu vitu vyenyewe viko mbali, na kwa wengi wetu hicho kibao ndicho tu tutawahi kuona, kwa hivyo wacha niseme ni nini unafaa kuwa umeweka sawa kabla hujaanza kutafsiri Kijerumani cha makumbusho.

Tutumie mfano huu, nimeutunga mwenyewe kwa mtindo wa vibao vyao vya zamani:

```
Schild. Büffelhaut, Holz
Kavirondo, Britisch-Ostafrika, Ende 19. Jh.
Erworben vor 1908, Zugang 1.7.1911
```

Kitu ya kwanza ni picha yenyewe, na hii umwambie ndugu yako akiwa bado huko ndani. Aulize kama kupiga picha kunaruhusiwa, azime fleshi juu mwanga ukigonga kioo unafuta maandishi, asimame wima mbele ya kibao si pembeni. Apige kibao chote, alafu apige tena karibu ile laini yenye tarehe, alafu kitu chenyewe, na pia lile bango kubwa la mlangoni mwa chumba, kwa sababu mara nyingi kibao kidogo hakirudii kile bango limeshasema. Kama kuna namba baada ya "Inv.-Nr." asiikate, hiyo ndiyo namba ya usajili wa hicho kitu na utaihitaji mwishoni, ila ujue kuna makumbusho ambayo namba yao inaanza na mwaka kilipoingia, sasa usije ukadhani ndio mwaka kilipotengenezwa. Kutuma atume kama dokumenti, si kama picha ya kawaida, juu WhatsApp inabana picha na ikishabana 3 na 8 zinakuwa mapacha.

Ya pili, usitafsiri kutoka kwa picha moja kwa moja. Nakili Kijerumani chote kwanza, herufi kwa herufi, nukta kwa nukta, na mahali huoni vizuri weka alama ya kuuliza badala ya kubahatisha. Najua inachosha lakini hapa ndipo makosa mengi yanashikwa, juu programu ya simu ya kusoma maandishi inaangusha zile nukta mbili za juu ya ü na ö, na ile herufi ß inaisoma kama B, kwa hivyo "Flußpferd" ambayo ni kiboko inatokea "FluBpferd" na ukiitafuta hivyo hupati kitu. Kibao kikiwa cha zamani kabisa cha zile herufi nzito za Kijerumani, s yao ndefu inafanana na f, unapata "Massai" imesomwa "Maffai" na mtu anaanza kutafuta kabila haliko. Kama ni mwandiko wa mkono chunga 1 na 7: 1 ya Mjerumani ina mkia mrefu wa kupanda na sisi tunaweza kuiona 7, ilhali 7 yao kawaida ina kamstari katikati. Na ukiona nyota ndogo mbele ya mwaka, hapo mtu alizaliwa, msalaba mdogo † ni mwaka aliofariki, na huo msalaba programu hupenda kuusoma kama t ama alama ya kujumlisha.

Sasa tarehe, na hapa ndipo ningetaka utulie. Toa tarehe zote za kibao uziandike kando, kila moja na kale kaneno kanakoibeba. "Ende 19. Jh." ni mwisho wa karne ya 19. Hiyo nukta baada ya 19 si mwisho wa sentensi, ndio inafanya 19 kuwa "ya 19", na "Jh." ni kifupi cha karne. Karne ya 19 ni 1801 hadi 1900, kwa hivyo mwisho wake ni ile miaka ya 1880 na 1890 hivi, si miaka ya 1900, na huyu ndugu yetu wa kujibu haraka aliteleza hapa hapa. Ukikutana na "3. Viertel 19. Jh." ni robo ya tatu ya hiyo karne, yaani 1851 hadi 1875, na "1. Hälfte" ni nusu ya kwanza. Usigeuze karne kuwa mwaka mmoja ati ndio isomeke vizuri, kama waliokitundika hawakujua mwaka wewe pia huujui.

"Vor 1908" ni kabla ya 1908, na ukiangalia vizuri haiko upande wa kutengenezwa, iko upande wa kupatikana. Lakini neno hilo hilo likija na hesabu ya miaka, kama "vor 200 Jahren", linageuka kuwa miaka 200 iliyopita, na hapo ni kuhesabu kutoka siku kibao kiliandikwa, si kutoka leo, kwa hivyo tafsiri vile ilivyo bila kupiga hesabu. "Um 1900" ni karibu 1900, na hilo "karibu" lazima lionekane kwa Kiswahili chako. "1.7.1911" ni tarehe 1 Julai 1911, wao wanaanza na siku kama sisi, ila simu iliyowekwa mpangilio wa Marekani inaweza kukugeuzia iwe 7 Januari, ndio maana mwezi uandike kwa jina. Vitu vya kale kama vya Misri utaona "v. Chr." ambayo ni KK na "n. Chr." ambayo ni BK, herufi moja tu inatenganisha na ukiikosa umerusha kitu upande wa pili wa Kristo.

Alafu majina ya nchi na watu. Britisch-Ostafrika usiandike Kenya. Ilikuwa himaya ya Waingereza, na jina Kenya kama koloni lilikuja 1920, kwa hivyo andika Afrika Mashariki ya Uingereza na kama unataka kusaidia msomaji weka maelezo yako chini, yakionekana wazi ni yako. Vivyo hivyo Deutsch-Ostafrika si Tanzania, hiyo ilikuwa Tanganyika pamoja na Rwanda na Burundi, na Tanzania yenyewe ni ya 1964. Na hii inawachanganya watu wengi wa huku: unaweza kuona kitu cha Kisumu kibao kinasema Uganda. Usikimbilie kusahihisha. Mpaka 1902 upande huu wote, Kisumu na hata Nakuru mpaka Naivasha, ulikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda, ndipo ukahamishiwa huku. Mtu aliyekusanya kitu Kisumu 1899 akaandika Uganda alikuwa sawa kabisa, na hilo neno ni ushahidi wa tarehe, ukilifuta umefuta kitu ambacho kingesaidia kujua kilichukuliwa lini.

Kavirondo ndio ngumu zaidi. Wageni waliitumia kwa Waluo na kwa Waluhya pia, wakitaka kutenganisha walisema Kavirondo wa Kibantu na Kavirondo wa Kinailoti, na kuna Waluo waliokuwa upande wa Wajerumani, kule Shirati, kwa hivyo hata mpaka hausaidii sana. Kibao kikisema Kavirondo peke yake, acha Kavirondo. Ukiandika Mluo unaweza kuwa umempokonya mtu wa Bunyore ama wa Wanga ngao ya babu yake. Najua kuna wazee hawataki kusikia hilo jina na nawaelewa, lakini hata watu wa huku walilitumia, kile chama cha vijana cha Nyanza cha 1921 kilijiita Young Kavirondo Association, na mahali pa kulijadili ni kwa maelezo ya chini, si kwa kulibadilisha kimya kimya. Hivyo hivyo "Häuptling", wengi huandika chifu, lakini chifu kwetu ni yule wa lokesheni mwenye kofia ya serikali, kwa mtu wa 1880 andika kiongozi ama mtawala.

Neno la mwisho la kuchunga ni "erworben". Maana yake ni kilipatikana, basi. Halisemi kilinunuliwa, halisemi kilipewa, halisemi kiliporwa. Wakitaka kusema kununua kuna "Ankauf", zawadi ni "Schenkung", kilichoazimwa ni "Leihgabe", na nyara za vita ni "Beute". Ukiandika kilinunuliwa umewapa risiti ambayo hawajaonyesha, ukiandika kiliibiwa umesema kitu ambacho kibao hakikusema, hata kama moyo wako unakuambia hivyo. Na usichanganye na "Zugang", hiyo ni siku kilipoingia kwa rejista ya makumbusho, kwa hivyo kwa mfano wetu kuna nyakati tatu tofauti: kutengenezwa, kutoka mikononi mwa wenyewe, na kuingia makumbusho. Hapo katikati kati ya 1908 na 1911 kilikuwa kwa mtu fulani, na kibao hakimtaji.

Ukishapanga hayo, kutafsiri kwenyewe ni dakika chache: "Ngao. Ngozi ya nyati, mbao. Kavirondo, Afrika Mashariki ya Uingereza, mwisho wa karne ya 19. Ilipatikana kabla ya 1908, iliingia makumbusho 1 Julai 1911." Alafu mpe mtu mwingine ashike picha ya kibao wewe umsomee namba peke yake, bila sentensi, yeye akifuatisha kwa kidole, juu macho yaliyoandika makosa huyapita tena na tena. Ile namba ya "Inv.-Nr." nayo itafute kwa katalogi ya makumbusho yenyewe, kwa mfano makumbusho ya serikali ya Berlin yana katalogi mtandaoni yenye picha na maelezo, na huko unaweza kupata jina la aliyekikusanya ambalo kibao kiliacha. Ukilipata liweke kwa maelezo yako ya chini na useme limetoka kwa katalogi, lisiingie ndani ya tafsiri.