Somo: Namna ya kutaja bei na muda wa kutafsiri waraka mrefu

Somo hili linafuata kazi moja tangu faili linapofika mpaka barua ya bei inapotumwa. Waraka wenyewe ni mwongozo wa mafunzo ya wahudumu wa afya ya jamii, una kurasa 146, umeandikwa kwa Kiingereza katika programu ya Word, na unatakiwa kwa Kiswahili. Mteja ameuliza swali ambalo kila mtafsiri amelizoea: "Shilingi ngapi, na lini?" Viwango nilivyotumia ni vya mfano tu, kwa hiyo weka vyako mahali pake.

Hatua ya kwanza: kuhesabu maneno ya matini chanzi

Usitaje bei kwa kutazama idadi ya kurasa, kwa sababu ukurasa wa jedwali waweza kuwa na maneno 90 na ukurasa ulioshonana ukawa na 600. Hesabu maneno ya matini chanzi, yaani ya Kiingereza katika kazi hii, kwa kuwa hayo yapo tayari na mteja anaweza kuyahakiki yeye mwenyewe kabla hamjakubaliana.

Katika Word, fungua `Review`, kisha `Word Count`. Chini ya kidirisha kinachotokea kuna kisanduku kilichoandikwa `Include textboxes, footnotes and endnotes`. Waraka wetu ulionesha maneno 35,860 kikiwa hakina alama, na 37,240 kikiwa nayo. Tofauti hiyo ya maneno 1,380 ni tanbihi na visanduku vya maelezo, ambavyo vyote ni vya kutafsiriwa, na asiyeangalia kisanduku hicho huvitafsiri bure.

Hata hivyo, hesabu ya Word haigusi maandishi yaliyomo ndani ya picha. Pitia waraka wote ukurasa kwa ukurasa, ukijaribu kuteua maandishi kwa kipanya popote unapoona fomu au mchoro. Yakikataa kuteuliwa, hiyo ni picha. Mwongozo huu ulikuwa na fomu sita za rufaa zilizoskaniwa, zenye maneno yapatayo 260 kila moja, ambayo jumla yake ni 1,560. Sasa tumefika 38,800.

Kisha tunapunguza. Orodha ya marejeo mwishoni, yenye maneno 1,800, haitafsiriwi, kwa sababu msomaji anayetaka kukitafuta kitabu hukitafuta kwa jina lake la asili. Yanabaki maneno 37,000.

Mwisho, tazama yanayojirudia. Mwongozo una sura 13, na kila sura inafungwa na fomu ileile ya tathmini yenye maneno 250. Fomu ya kwanza ni kazi kamili. Zile 12 zinazobaki, ambazo ni maneno 3,000, ni za kunakili na kukagua. Mimi huzitoza robo ya bei, kwa hiyo zinahesabiwa kama maneno 750. Ukitumia OmegaT, ambayo ni programu ya bure, utaona yanayojirudia katika takwimu za mradi bila kuyasaka kwa macho. Maneno ya kutozwa ni 34,000 na 750, yaani 34,750.

Hatua ya pili: kupima kasi yako kwenye waraka huu

Watafsiri wengi hutaja maneno 2,000 au zaidi kwa siku. Kiwango hicho si cha ajabu kwa matini mepesi, lakini muda usiahidiwe kwa kasi ya kazi nyingine. Chukua maneno 500 kutoka katikati ya waraka, si kwenye dibaji, kwa kuwa dibaji huwa ni shukrani na maneno ya heshima yasiyomsumbua mtu. Yatafsiri kwa uangalifu uleule utakaoutumia kazini, huku umetazama saa.

Kwa sura ya lishe ya mtoto, maneno 500 yalichukua saa mbili. Hiyo ni kasi ya maneno 250 kwa saa, na kwa kuwa saa sita za kutafsiri kwa makini ndizo ninazoziamini katika siku moja (nyingine huliwa na simu, barua na umeme kukatika), napata maneno 1,500 kwa siku. Maneno 34,000 ukiyagawa kwa 1,500 unapata siku 23.

Hizo 23 ni za rasimu ya kwanza peke yake, na hapo ndipo ahadi nyingi huharibika. Kabla yake zipo siku mbili za kuandaa orodha ya istilahi na kuipeleka kwa mteja aipitishe. Baada yake, nausoma upya waraka wote, pamoja na fomu zilizonakiliwa, nikilinganisha na Kiingereza. Kwa maneno 6,000 kwa siku, hizo ni siku saba. Mhakiki, ambaye ni mtu wa pili, hupokea sura moja moja kadiri ninavyozimaliza, kwa hiyo anahitaji siku mbili tu za ziada baada ya sura ya mwisho. Kuingiza masahihisho yake na kukagua majedwali na namba za kurasa ni siku mbili nyingine. Jumla ni siku 36 za kazi, na ninaongeza nne za dharura. Mteja anaambiwa siku 40 za kazi, ambazo ni wiki nane.

Andika "siku za kazi" waziwazi, na useme sikukuu hazihesabiwi. Idd inategemea mwandamo wa mwezi, na siku moja ikisogea hutaki kubishana juu yake. Eleza pia kwamba siku ya kwanza ni ile utakayokuwa umepokea vitu viwili: toleo la mwisho la waraka na malipo ya awali.

Hatua ya tatu: kuipa marudio bei na mipaka

Marudio ni ya aina mbili, na kila moja ina mlango wake. La kwanza ni la mhakiki, kabla kazi haijamfikia mteja. Kiwango cha kimataifa cha huduma za tafsiri, ISO 17100 cha mwaka 2015, kinataka tafsiri ipitiwe na mtu mwingine asiye mtafsiri mwenyewe. Mtu huyo hulipwa, na fedha yake lazima iwemo ndani ya bei tangu mwanzo.

Kwa mfano wetu, natoza shilingi 110 kwa neno: 85 za mtafsiri na 25 za mhakiki. Maneno 34,750 kwa shilingi 110 ni shilingi 3,822,500, na ndani yake mhakiki ana 868,750. Kumbuka pia kodi ya zuio. Nchini Tanzania mteja anayewajibika kuzuia kodi hukata asilimia 5 ya malipo ya huduma za kitaalamu kwa mkazi, ambayo hapa ni shilingi 191,125, na wewe utapokea 3,631,375. Mdai cheti cha zuio, maana fedha hiyo huhesabiwa katika kodi yako ya mwaka. Lakini mhakiki utamlipa kutokana na kile kilichofika mkononi.

Marudio ya pili ni ya mteja. Katika barua ya bei naandika kwamba bei inajumuisha duru moja ya maoni, yatakayoletwa ndani ya siku 10 za kazi tangu makabidhiano, katika faili moja, kutoka kwa mtu mmoja aliyeteuliwa. Bila sharti hilo la mwisho utapata mafaili matatu kutoka kwa maofisa watatu wanaopingana, nawe utageuzwa kuwa msuluhishi wao.

Maoni yakija, yatenge. Kosa la tafsiri, kama vile kipimo cha dawa kilichokosewa, linarekebishwa bila malipo hata baada ya muda kupita. Badiliko la matini chanzi, mfano aya mpya iliyoongezwa katika Kiingereza, ni maneno mapya kwa bei ileile. Kinacholeta ugomvi ni upendeleo: mteja aliyepokea "mhudumu wa afya ya jamii" anataka sasa iwe "mhudumu wa afya ngazi ya jamii" kila mahali. Si kazi ya kubofya mara moja, kwa sababu neno hilo limo katika umoja na wingi, na katika vichwa vya majedwali ambako nafasi ni finyu. Ndiyo maana ya orodha ile ya istilahi: akiwa ameipitisha kwa maandishi, badiliko hilo hutozwa kwa saa, na kiwango cha saa kimo katika barua.

Barua yenyewe iwe ya ukurasa mmoja: jina la faili na tarehe yake, idadi ya maneno na jinsi ilivyopatikana, bei, siku, masharti ya marudio, awamu za malipo (mimi huomba asilimia 40 mwanzoni, 30 katikati na 30 makabidhiano), na muda wa bei kuwa halali, ambao kwangu ni siku 30.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Morogoro:* Mwalimu, shikamoo. Mimi hutafsiri kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Nitumie hesabu hiyohiyo?

*Jibu:* Marahaba. Njia ni hiyohiyo, ila bei kwa neno iwe juu. Kiswahili hubeba mengi katika neno moja. "Hawatalipwa" ni neno moja kwetu, na Kiingereza hulihitaji matano: "They will not be paid". Linganisha kazi zako tatu za nyuma, uone maneno ya Kiingereza yalizidi kwa sehemu gani, kisha upandishe bei kwa sehemu hiyohiyo.

*Mwanachama wa Mombasa:* Nimeletewa kitabu kizima kilichoskaniwa. Hakuna hata neno moja linalohesabika.

*Jibu:* Chagua kurasa tano zinazowakilisha kitabu, si zilizojaa tu wala zilizo tupu tu. Hesabu maneno kwa mkono, tafuta wastani, zidisha kwa idadi ya kurasa. Katika barua andika kwamba hayo ni makadirio, na kwamba bei ya mwisho itatokana na hesabu ya matini yakishachapwa, bila kuzidi asilimia 10 juu ya makadirio. Kuchapa upya ni kazi tofauti, itaje kivyake.

*Mwanachama wa Dodoma:* Ofisi yetu hulipa kwa ukurasa, na fomu ya manunuzi haina nafasi ya maneno.

*Jibu:* Wape kurasa, lakini ueleze ukurasa ni nini. Kipimo kinachotumika sana ni maneno 250. Maneno 34,750 ni kurasa 139 za kutozwa, kwa shilingi 27,500 kila moja. Jumla ni ileile 3,822,500, nayo fomu yao itajazika.

*Mwanachama wa Mwanza:* Mteja anataka mwongozo kama huo kwa wiki nne badala ya nane. Nikubali kwa bei mara mbili?

*Jibu:* Bei mara mbili haitakuongezea saa za siku, ndugu yangu. Utahitaji watafsiri wawili, orodha ya istilahi iliyopitishwa kabla yeyote hajaanza, na mhakiki mmoja kwa kazi yote ili lugha isigawanyike. Kwa watu wawili, rasimu ni siku 12, na kila mmoja kusoma nusu yake upya ni siku nne. Ukiongeza istilahi siku mbili, umefika 18. Mhakiki naye hatamaliza kwa siku mbili tena, kwa sababu sura zitamjia kwa kasi maradufu, hivyo mpe nne, halafu mbili za kuingiza masahihisho. Hizo ni siku 24 za kazi, bila dharura hata moja, ilhali wiki nne ni siku 20. Mjibu kwamba wiki sita zinawezekana kwa nyongeza ya bei. Akishikilia nne, muulize ni sura zipi zinazohitajika katika mafunzo ya kwanza, umkabidhi hizo mapema.